Kutoka «Sehr geehrte» hadi «Liebe»: mtajo na tamati ya baruapepe ya Kijerumani

Wanafunzi wangu hapa Kisumu hunionyesha simu zao kabla hawajabonyeza kitufe cha kutuma. Wengi ni vijana kutoka Ahero, Siaya na Kakamega wanaotafuta nafasi ya mafunzo ya uuguzi Ujerumani, hasa tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa kazi mjini Berlin mnamo Septemba 2024. Mwili wa barua kwa kawaida wameuandika vizuri. Mahali ninapowasimamisha ni mstari wa kwanza na ule wa mwisho, kwa sababu Mjerumani anayeajiri huisoma mistari hiyo miwili kwanza, na papo hapo huona kama mwombaji anajua kusimama umbali unaofaa.

Hii hapa ni baruapepe ya mmoja wao. Jina nimembadilishia, nikamwita Mercy Achieng Odhiambo, na mpokeaji nikampa jina la mfano, Sabine Brandt, msimamizi wa mafunzo katika hospitali ndogo. Mwili wa barua nimeuacha.

```
Lieber Frau Sabine!

Ich hoffe, diese E-Mail findet Sie gut.
[...]
Ich warte auf Ihre Antwort. Gott segne Sie.

Mit freundliche GrüBe,
Mercy
```

Nilipomwambia mtajo huu una makosa manne, alishangaa. «Lakini Mwalimu, si ndivyo tunavyoandikiana huku?» Ni kweli, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Huku kwetu cheo huenda na jina la kwanza bila shida: Madam Jane, Mwalimu Peter, Daktari Grace. Ni heshima kamili. Kwa Mjerumani, «Frau» na «Herr» hushikana na jina la ukoo peke yake. «Frau Sabine» kwake ni kama mtu aliyeanza kumvulia viatu sebuleni kisha akakumbuka kubisha hodi. Kwa hiyo ni «Frau Brandt». Akiwa na shahada ya udaktari, cheo hicho hukaa katikati kwa ufupisho wake: «Frau Dr. Brandt».

Kosa la pili ni «Lieber». Neno hilo lina maana ya mpendwa, na Wajerumani huliandika kwa watu wanaofahamiana tayari. Mwanafunzi huona barua ya Kiingereza ikianza na neno la mpendwa hata kwa benki, akadhani Kijerumani ni vivyo hivyo. Sivyo. Mtu usiyemjua huandikiwa «Sehr geehrte», yaani aliyeheshimiwa sana. Sisi neno Mheshimiwa tumewaachia wabunge na mahakimu, ila Mjerumani humpa kila mtu, hata anayemdai bili ya umeme.

La tatu ni mwisho wa neno, na hili msemaji wa Kiswahili ana kila sababu ya kulielewa haraka. Sisi husema mti mzuri, kiti kizuri, nyumba nzuri. Kivumishi hufuata ngeli ya nomino yake. Kijerumani nacho kina upatanisho wake. Mwanamke ni «geehrte», mwanamume ni «geehrter», na watu wengi wasiojulikana hurudi kwenye «geehrte»:

```
Sehr geehrte Frau Brandt,
Sehr geehrter Herr Brandt,
Sehr geehrte Damen und Herren,
```

«Lieber Frau» inamkwaruza msomaji kama vile sisi tukisikia «kiti mzuri». Mstari wa tatu hapo juu ni wa kutumia pale tu ambapo jina halipatikani kabisa. Kabla ya kuukimbilia, fungua ukurasa wa hospitali utafute palipoandikwa «Ansprechpartner» au «Ansprechpartnerin», yaani mtu wa kuwasiliana naye. Mara nyingi jina liko pale, na anayeandikiwa «Mabibi na Mabwana» ilhali jina lake limebandikwa huona kwamba hukusoma.

La nne ni alama ya mshangao. Zamani barua za Kijerumani zilianza nayo, na katika vitabu vikuukuu utaikuta. Leo ni koma. Na koma hiyo ina matokeo ambayo simu zetu haziyajui: sentensi inayofuata haianzi na herufi kubwa, kwa sababu mtajo na sentensi hiyo huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Neno la kwanza huwa kubwa likiwa nomino, au likiwa moja ya maneno ya heshima kama «Sie», «Ihnen» na «Ihr». Simu hubadilisha «ich» kuwa «Ich» yenyewe baada ya mstari mtupu, kwa hiyo inabidi urudi uirekebishe kwa mkono. Nikiona «ich» ndogo baada ya mtajo, najua mwandishi alirudi kuangalia. Anayeandikia Uswisi afuate desturi yao: huko koma haiwekwi na sentensi huanza na herufi kubwa.

Sasa sentensi ya kufungulia. Sisi hatuingii nyumbani mwa mtu tukaanza kuomba chumvi; tunajuliana hali kwanza. Hivyo Mercy akatafsiri ile salamu ya kutumaini kwamba barua inamkuta mtu salama. Kwa Kijerumani sentensi ile haina maana, kwani barua pepe haimtafuti mtu ikamkuta mzuri. Hata ukiiandika kwa sarufi sahihi, katika ombi la kazi la mara ya kwanza haitarajiwi. Heshima yote imeshatolewa na «Sehr geehrte». Baada yake msomaji anangoja jambo. Tulibadilisha hivi:

```
Sehr geehrte Frau Brandt,

auf Ihrer Internetseite habe ich gelesen, dass Sie
zum 1. September Auszubildende in der Pflege suchen.
```

Mada, ile ambayo shuleni tuliiandika KUH: au MINT:, huenda kwenye mstari wa mada wa baruapepe, bila kuandika neno lolote la «kuhusu» mbele yake: «Bewerbung um einen Ausbildungsplatz als Pflegefachfrau». Mwanamume ataandika «Pflegefachmann».

Tukafika chini. «Ich warte auf Ihre Antwort» maana yake ni nangoja jibu lako. Kwa Kiswahili ni sentensi ya upole, lakini Mjerumani huisikia kama mtu aliyekaa mlangoni akitazama saa. Sentensi inayofanya kazi ile ile bila kusukuma ni hii: «Über eine Einladung zu einem Vorstellungsgespräch freue ich mich sehr.» Anasema kwamba atafurahi akialikwa kwenye mahojiano, basi.

«Gott segne Sie» nilimwomba aiondoe, na haikuwa rahisi, kwa sababu Mercy aliimaanisha. Huku Mungu akubariki ni neno la kuagana ofisini, sokoni na kanisani sawia. Katika ofisi ya Ujerumani dini ya mtu ni jambo lake la nyumbani, na msomaji hubaki akijiuliza kwa nini limeletwa kwenye ombi la kazi. Dua anaweza kumwombea Frau Brandt bila kuiandika.

Tamati yenyewe ni maneno matatu ambayo mwanafunzi anapaswa kuyaandika hata akiamshwa usiku:

```
Mit freundlichen Grüßen
Mercy Achieng Odhiambo
```

Neno «mit» huvuta -n nyuma ya maneno yote mawili yanayolifuata: «freundlichen», «Grüßen». Ukiliondoa «mit», zile -n zinaondoka nalo, ikabaki «Freundliche Grüße», ambayo ni sahihi na nyepesi kidogo. Kinachoharibika ni kuchanganya nusu ya hii na nusu ya ile, kama alivyofanya Mercy. Baada ya tamati hakuna koma. Sisi tumezoea «Wako mwaminifu,» na koma yake, ndiyo maana kosa hili huwatoka hata wanafunzi wangu wa kiwango cha B2.

Ile herufi ß si B, wala si beta ya Kigiriki. Bonyeza s kwenye simu bila kuachia, itatokea. Na ü hupatikana kwa kubonyeza u vivyo hivyo. Ukiwa saiba penye kompyuta isiyokubali, andika «Gruessen», ambayo kila Mjerumani anaikubali. «GrüBen» haikubaliki popote.

Kuna tamati nyingine mbili nazikataa waziwazi. «Hochachtungsvoll» hupatikana katika kamusi za zamani na hupendwa na wanafunzi kwa sababu inaonekana nzito. Leo inasikika baridi, kama barua ya mtu anayekaribia kukupeleka mahakamani. Na «MfG» ni ufupisho wa maneno yale matatu, unaoonyesha kwamba mwandishi hakuwa na muda nawe. Kwa wanaojiandaa kwa mtihani wa B1 wa Goethe-Institut, sehemu ya tatu ya kuandika ni ujumbe mfupi wa maneno kama 40 tu, na maagizo yenyewe yanakumbusha kuweka mtajo na tamati. Katika ujumbe mfupi kiasi hicho, mistari hiyo miwili ni sehemu kubwa ya kazi.

Jibu la Mercy lilikuja baada ya siku sita, na lilianza: «Sehr geehrter Herr Odhiambo». Alikasirika kidogo. Mjaluo yeyote anajua Achieng ni binti na Ochieng ni mvulana, lakini Frau Brandt hawezi kuijua hiyo A wala O, na Odhiambo alilichukua kwa haki kama jina la ukoo, kwa kuwa ndilo lililo katika pasipoti ya Mercy. Jina la Mercy nalo pengine halikumwambia kitu. Hatukuandika malalamiko. Tuliongeza neno moja tu kwenye saini: «Mercy Achieng Odhiambo (Frau)». Tangu hapo huwaambia wanafunzi wote waliweke mapema. Nawe ukikutana na jina la Kijerumani lisiloonyesha jinsia, mfano Kim Schneider, andika «Guten Tag Kim Schneider,» na usikisie.

Jibu lile lilikuwa limetiwa saini «i. A. Sabine Brandt». Mwanafunzi mwingine aliwahi kumwandikia mtu kama huyo «Frau I. A.», akidhani ni herufi za majina yake. Ni ufupisho wa «im Auftrag», kwa niaba ya, na hauingii kamwe kwenye mtajo.

Barua ya pili ya Frau Brandt ilianza «Guten Tag, Frau Odhiambo,» ikaishia «Viele Grüße». Yeye mwenyewe alikuwa amesogea hatua moja karibu. Mercy akaniuliza kama sasa anaweza kuandika «Liebe». Nikamwambia anayeomba hasogei kwanza: hufuata hatua aliyofika mwenzake na kusimama hapo. Akajibu kwa «Guten Tag, Frau Brandt,» na «Viele Grüße aus Kisumu», na hilo la Kisumu nililipenda, kwa sababu salamu zenye mji ndani yake Wajerumani nao huzitumia. Baada ya mahojiano ya video ikaja barua iliyoanza «Liebe Frau Odhiambo,». Mercy alinipigia akiwa bado kwenye matatu ya Kondele kuniambia kwamba anaandika «Liebe Frau Brandt,», kwa -e, si -er.