Jina la ukoo ni lipi? Dhana potofu kuhusu kupanga orodha ya majina iliyochanganyika

Orodha ya namna hii haionekani mbaya mpaka ujaribu kuipanga:

```
Hamisi, Juma
Juma Hamisi
BAKARI Neema
Neema Bakari
Ali Said, Rehema
Ali, Zuhura
 Salum, Khadija
```

Mistari saba tu, na tayari kuna namna tatu za kuandika jina. Wengi wakifika hapa hukimbilia kitufe cha kupanga, na makosa huanzia katika imani kadhaa ambazo nimezikuta mara nyingi, nyingine nikiwa nazo mwenyewe.

Dhana: Neno la mwisho ndilo jina la ukoo, kwa hiyo fomula moja itamaliza kazi.

Ukweli: fomula inaona alama, haimjui mtu. Alama ya kutegemewa ni moja, yaani mkato. Penye mkato, kilicho kabla yake ni jina la ukoo na kilicho baada yake ni jina la mtu mwenyewe. Mistari hiyo hutengana vizuri katika safu wima mbili, kwa Excel au Google Sheets:

```
=IF(ISNUMBER(FIND(",",A2)),TRIM(LEFT(A2,FIND(",",A2)-1)),"")
=IF(ISNUMBER(FIND(",",A2)),TRIM(MID(A2,FIND(",",A2)+1,100)),"")
```

Ya kwanza inatoa jina la ukoo, ya pili jina la kwanza. Pasipo na mkato zote mbili huacha kisanduku kitupu, na huo utupu ndio ninaoutaka: unanionyesha mistari ya kuamuliwa kwa mkono. Safu wima A yenye majina kama yalivyokuja huwa siigusi hadi kazi iishe, maana uamuzi ukikosewa ndiyo peke yake inayoweza kukurudisha nyuma.

Sasa mistari isiyo na mkato. Herufi kubwa ni dalili nzuri, kwa sababu wapo wanaoandika jina la ukoo kwa herufi kubwa ili lisichanganywe. Kwa hiyo BAKARI Neema hainipi shida. Juma Hamisi ndiye mwenye shida. Juma ni jina la mtu, na Hamisi ni jina la mtu pia. Ukiyageuza, bado una jina zuri kabisa. Ndani ya maneno hayo mawili hakuna chochote cha kukuambia lipi ni la baba. Rehema Hamisi ni afadhali: Rehema ni jina la kike, na pale ambapo jina la pili ni la baba au babu, ukikuta "Hamisi Rehema" una sababu ya kushuku kwamba limegeuzwa.

Kanuni ya "neno la mwisho" huvunjika pia ukivuka mipaka. Katika jina Mao Zedong, la ukoo ni Mao. Serikali ya Japani iliamua kwamba kuanzia Januari 1, 2020, nyaraka zake za Kiingereza ziandike jina la ukoo kwanza, kwa hiyo Shinzo Abe na Abe Shinzo ni mtu yuleyule, na huenda ukamkuta kwa namna zote mbili katika orodha moja. Kwa Abiy Ahmed wa Ethiopia, Ahmed ni jina la baba, si la ukoo, na kwa desturi ya huko hupangwa chini ya Abiy.

Dhana: Basi mstari usio na mkato hauna dawa, ni kubahatisha.

Ukweli: ushahidi upo, ila haumo ndani ya jina. Orodha iliyochanganyika mara nyingi ni orodha mbili zilizobandikwa pamoja, na kazi ya kwanza ni kutafuta mshono. Niliwahi kuletewa majina 212 yasiyo na mkato hata mmoja. Nilipoyapitia polepole nikaona kwamba kuanzia mstari wa 132 namba za mpangilio zilianza tena na 1. Nikatazama sehemu ya kwanza: maneno ya mwanzo yalikuwa yamekwisha kupangwa kialfabeti, ya pili hayakuwa na mpangilio wowote. Sehemu ya pili ilikuwa kinyume, maneno ya mwisho ndiyo yaliyofuatana A hadi Z. Aliyeandaa kila sehemu alikuwa ameipanga kwa jina la ukoo kabla sijaiona, na mpangilio wake ukanijibu swali ambalo majina yenyewe yasingejibu.

Dalili hiyo si hakika, kwa kuwa wapo wanaopanga kwa jina la kwanza. Niliithibitisha kwa majina kama matano ya wanawake kutoka kila sehemu, nikaangalia jina la kike limekaa upande gani. Pakibaki mashaka, mwulize mwenye jina au aliyekuletea orodha. Mstari ambao haujajibiwa uandikie alama ya kuuliza katika safu wima ya tatu. Usiujaze kwa kukisia.

Dhana: Majina yakishageuzwa kuwa "Ukoo, Kwanza", kupanga ni kubofya tu.

Ukweli: tazama Ali na Ali Said. Ukiacha jina zima katika kisanduku kimoja, kompyuta inalinganisha herufi kwa herufi, na baada ya "Ali" inakuta nafasi upande mmoja na mkato upande mwingine. Nafasi hutangulia mkato. Matokeo yake ni kwamba Ali Said, Rehema anakaa juu ya Ali, Zuhura, wakati jina fupi linapaswa kutangulia refu. Panga kwa safu wima mbili, kwanza jina la ukoo kisha jina la kwanza, na tatizo hilo linaondoka. Chagua jedwali lote kabla ya kupanga. Ukipanga safu wima moja peke yake, majina yanahama na namba za simu zinabaki zilipokuwa, na hakuna kitakachokuonya baadaye.

Halafu kuna Salum aliyeruka juu ya Ali. Mbele ya jina lake ipo nafasi isiyoonekana. `TRIM` huiondoa ikiwa ni ya kawaida, lakini majina yaliyonakiliwa kutoka kurasa za wavuti huja na nafasi ya aina nyingine, ambayo `TRIM` haiigusi. Utaitambua kwa `LEN` ya kisanduku cha jina la ukoo: Salum ana herufi tano, ukipata 6 kuna kitu kimejificha. Fomula hii huondoa zote mbili, nayo hutumika kabla ya kutenganisha majina, na fomula za kutenganisha zisome matokeo yake badala ya A2:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160)," "))
```

Dhana: Hamisi, Juma na Juma Hamisi ni mtu mmoja, futa mmoja.

Ukweli: huenda. Ili kuwapata wote wa namna hiyo, tengeneza ufunguo wenye maneno yaleyale yaliyopangwa kialfabeti. Katika Google Sheets:

```
=JOIN(" ",SORT(TRANSPOSE(SPLIT(LOWER(SUBSTITUTE(A2,","," "))," "))))
```

Mistari yote miwili itatoa `hamisi juma`, na BAKARI Neema atakutana na Neema Bakari. Lakini Juma mwana wa Hamisi na Hamisi mwana wa Juma wanaweza kuwa watu wawili, pengine hata baba na mwana. Ufunguo unakuonyesha wa kuchunguzwa tu. Kabla ya kufuta, linganisha namba ya simu au tarehe ya kuzaliwa. Zikitofautiana, waache wote wawili.