Hasara ipo hata kama hujauza

"Hisa ikishuka si hasara mpaka uuze, bora niishikilie, niuze ile iliyopanda nile faida, au?"

Hapana ndugu yangu. Ulinunua kwa 1,000, leo iko 700, basi una 700, uuze usiuze, soko halijui ulinunua bei gani. Ila kukubali hiyo 300 imeenda kunauma kuliko raha ya kupata 300, ndo maana mkono unakimbilia kuuza iliyopanda. Mtafiti Terrance Odean alipekua akaunti 10,000 za wateja wa dalali mmoja Marekani, 1987 mpaka 1993, akakuta hisa walizouza kwa faida, mwaka uliofuata zilizipita zile za hasara walizong'ang'ania, wastani kama asilimia 3.4. Jiulize, ungekuwa na 700 keshi, ungeinunua leo?