Hashi haidikriptiwi

Kwenye maswali ya mazoezi ya mitihani ya awali ya usalama wa mitandao kuna moja ambalo halifi: "MD5 ni aina gani ya enkripsheni?" Unapewa majibu manne uchague. Ukweli ni kwamba hakuna la kuchagua, kwa kuwa MD5 ni njia ya kuhashi, si enkripsheni ya aina yoyote. Na anayefaulu swali hilo kwa kukariri ndiye utakayemsikia baadaye kazini akisema "nimedikripti hashi".

Maana zenyewe ni fupi. Kuenkodi ni kubadili namna data inavyoandikwa ili ipite au ihifadhiwe bila kuharibika. Kanuni iko wazi, na yeyote anaweza kuirudisha ilivyokuwa. Kuenkripti ni kuifanya isisomeke ila na mwenye ufunguo, na kudikripti ni kuirudisha kwa ufunguo huo. Kuhashi ni kuikokotoa data, iwe ndefu au fupi, ikupe alama ya urefu uleule kila mara, na hakuna ufunguo wa kuirudisha, hata kwa aliyeikokotoa.

Maana hizo wengi wanazijua. Kinachowachanganya ni macho: zote tatu zikitua kwenye skrini zinafanana, msururu wa herufi na tarakimu usio na kichwa wala miguu. Jaribu mwenyewe kwenye terminali ya Linux:

```
$ echo -n 123456 | base64
MTIzNDU2
$ echo -n 123456 | md5sum
e10adc3949ba59abbe56e057f20f883e  -
```

(Usisahau ile `-n`. Bila hiyo, `echo` huongeza alama ya mstari mpya mwishoni, hashi inatoka nyingine kabisa, na unabaki kuilaumu kompyuta.)

Mstari wa kwanza ni kuenkodi tu. Ukiupitisha kwenye `base64 -d` unarudi 123456 bila kuombwa chochote. Wa pili ni hashi. Lakini tazama vizuri: MD5 yenyewe haitoi herufi. Inatoa baiti 16, na nyingi kati ya hizo hazina sura ya kuonyeshwa kwenye skrini, kwa hiyo programu inaziandika kwa heksadesimali, herufi mbili kwa kila baiti, ndipo unapata 32. Heksadesimali nayo ni enkodi. Baiti zilezile 16 ukiziandika kwa Base64 zinakuwa `4QrcOUm6Wau+VuBX8g+IPg==`. Hashi ni ileile, maandishi tofauti. Ndiyo maana ile mbinu ya mtihani ya "ukiona alama ya `=` mwishoni, jibu ni Base64" ni nusu ya jibu. Inakuambia maandishi ni ya aina gani. Haikuambii ndani yake kuna nini.

Mfano ambao dhana zote tatu zinakutana mahali pamoja ni uvujaji wa data za Adobe wa Oktoba 2013. Faili lililosambaa lilikuwa na rekodi zaidi ya milioni 150, na kwenye nafasi ya nywila kulikuwa na vitu kama hivi:

```
EQ7fIpT7i/Q=
L8qbAD3jl3jioxG6CatHBw==
BB4e6X+b2xLioxG6CatHBw==
```

Wa kwanza ni 123456, wa pili ni password, wa tatu ni adobe123. Kwa nje ni Base64. Ukiitoa hiyo Base64, mstari wa kwanza unabaki na baiti 8, na ile mingine miwili baiti 16 kila mmoja. Hashi ingekuwa na urefu uleule kwa nywila zote. Hapa urefu unabadilika, na unapanda kwa mafungu ya baiti 8. Hiyo ni dalili ya enkripsheni inayofanya kazi kwa mafungu, na ndivyo ilivyokuwa: nywila zilienkriptiwa kwa 3DES, zote kwa ufunguo mmoja, kwa mtindo uitwao ECB, ambao kila fungu hushughulikiwa peke yake bila kujali la kabla yake.

Sasa tazama mikia ya mistari miwili ya mwisho: `ioxG6CatHBw==`, sawasawa. Nywila zote mbili zina herufi 8, zinajaza fungu la kwanza, na fungu la pili linabaki na kijazio kilekile. Fungu likifanana, matokeo yanafanana. Bila ufunguo wowote, mtazamaji tayari anajua watu gani wana nywila ya herufi 8.

Kibaya zaidi ni kwamba nywila nzima ikifanana, mstari mzima unafanana. Ule wa 123456 ulijirudia karibu mara milioni 1.9. Tena kando ya kila rekodi kulikuwa na kile kidokezo ambacho mtu hujiandikia asije akasahau nywila, nacho kiliwekwa wazi bila kuenkriptiwa. Kwa hiyo unakusanya wote wenye mstari mmoja, unasoma vidokezo vyao, na katika maelfu hukosi mmoja aliyeandika "moja hadi sita". Huyo mmoja anawaumbua wengine wote, hata wale ambao hawakuandika kidokezo. Adobe walieleza kwamba seva iliyoingiliwa ilikuwa ya akiba, iliyokwisha pangiwa kustaafishwa.

Kosa hapo halikuwa udhaifu wa hesabu za 3DES. Kosa ni kutumia enkripsheni mahali ambapo hakuna anayehitaji kuisoma nywila tena. Seva inachohitaji ni kuihashi nywila unayoandika leo na kulinganisha na hashi iliyowekwa siku ulipojisajili. Enkripsheni inaleta ufunguo ambao lazima ukae mahali fulani, na atakayeupata anafungua akaunti zote kwa mpigo.

Lakini hashi nayo ina mipaka, na hapa ndipo ile "kudikripti hashi" inapopata nguvu. Ukiipeleka `e10adc39...` kwenye tovuti zinazojitangaza kudikripti MD5, utarudishiwa 123456 papo hapo. Hazijafungua kitu. Zimekwisha kuhashi mamilioni ya nywila za kawaida, zikaweka jedwali, na zinatafuta tu yako imo au haimo. Zipe hashi ya herufi 20 za kubahatisha uone zitakavyokaa kimya. Dawa yake ni kuongeza kwenye kila nywila data ya nasibu iitwayo chumvi kabla ya kuhashi, ili 123456 yako na yangu zitoe matokeo tofauti, na kutumia hashi iliyotengenezwa makusudi iwe nzito, kama bcrypt. Hashi ya kawaida kama SHA-256 ikiwa peke yake ni nyepesi mno kwa kazi hiyo. Kadi ya michoro hukisia kwa mabilioni kwa sekunde.

Basi ukikutana na lile swali la MD5, chagua jibu ambalo mtungaji analitaka, upate alama zako. Ila kwenye ripoti ya kazi, badala ya "nimedikripti hashi", andika "nimeikisia nywila na hashi zikalingana", na utaje orodha ya maneno uliyotumia kukisia.