Bajeti ya keshi: faida ipo, ila Desemba hela hamna

Bajeti ya keshi ni makadirio ya hela inayoingia na inayotoka mkononi mwezi kwa mwezi, na neno la kushika hapo ni mkononi. Mauzo ya mkopo hayaandikwi siku umeuza, yanaandikwa mwezi utakaolipwa. Kodi ya fremu ya miezi 6 huigawi kwa sita, unaiweka yote kwenye mwezi unaoitoa. Uchakavu wa cherehani haumo kabisa kwa sababu hakuna mtu unayempa hela ya uchakavu, ila hela unayojitolea mwenyewe ya kula nyumbani imo, na watu wengi hii ndo wanaisahau.

Tuchukue karakana ya kushona sare za shule hapa Tanzania, namba ni za mfano tu. Shule zinafungua Januari kwahiyo biashara inapanda mwisho wa mwaka: mauzo Oktoba milioni 2, Novemba 4, Desemba 10, Januari 12. Nusu ya wateja ni wazazi wanaolipa papo hapo, nusu ni mashule yanayolipa baada ya miezi miwili (Agosti na Septemba aliuza milioni 2 kila mwezi). Kitambaa kinakula nusu ya bei ya kuuzia na kinanunuliwa keshi mwezi mmoja kabla, maana huwezi kushona jora ambalo bado liko dukani kwa mtu. Mafundi, umeme na posho ya mwenye biashara ni milioni 1 kila mwezi.

Oktoba anaanza na milioni 3. Zinaingia 2, yaani 1 ya wazazi na 1 ya mashule ya Agosti, zinatoka 3, anabaki na 2. Hizo 2 ndo salio la kuanzia Novemba, na hivyo hivyo kila mwezi unampokea mwenzake. Novemba zinaingia 3 ila kitambaa cha Desemba peke yake ni 5, ukijumlisha na ile 1 ya mafundi zinatoka 6, salio linakuwa hasi milioni 1. Desemba zinaingia 6, zinatoka kitambaa 6, mafundi na mengine 1, kodi ya fremu 1.2 na awamu ya TRA laki 3, jumla 8.5, salio hasi 3.5. Januari zinaingia 8, zinatoka 2.5 tu, yaani kitambaa cha Februari 1.5 na mafundi na mengine 1, anarudi chanya milioni 2.

Sasa angalia Desemba kwa jicho la faida. Kauza milioni 10, toa kitambaa 5, mafundi, umeme na posho yake kama mshahara 1, na kodi ya fremu ya mwezi huo laki 2, faida kabla ya uchakavu na kodi ya TRA ni milioni 3.8. Mwezi huohuo keshi imepungua milioni 2.5! Hesabu zote mbili ni sahihi, ila faida yake imekaa kwenye majora ya Januari na kwenye madeni ya mashule, na fundi wa Ijumaa hapokei deni la shule kama mshahara.

Uzuri ni kwamba haya yote yanaonekana Oktoba, na Oktoba bado una nguvu ya kuongea na watu. Akienda duka la jumla akaomba nusu ya kitambaa mali kauli kwa siku 30, Novemba inageuka chanya 1.5 na Desemba inabaki hasi laki 5 tu, na shule moja ikitanguliza milioni 1 Desemba hiyo nayo inazibika (ila akumbuke kuipunguza hiyo milioni kwenye makusanyo ya Februari). Kama ni mkopo basi aangalie marejesho yanaanza lini, mkopo wa Novemba unaoanza kurejeshwa Desemba unachimba palepale penye shimo, anaouhitaji ni wa kulipa kuanzia Januari.

Kinachoharibu bajeti hizi mara nyingi ni tarehe za kulipwa, kwa sababu mtu anaandika tarehe aliyoahidiwa badala ya ile ambayo shule huwa inalipa kweli, kwahiyo pitia daftari la madeni la mwaka jana uone walichelewa kiasi gani. Halafu jaribu kusogeza hela za mashule mwezi mmoja mbele. Kwa huyu wetu, kabla hajaomba chochote dukani, Novemba inakuwa hasi 2 na Desemba hasi 4.5, na hiyo 4.5 ndo namba ya kwenda nayo kwa mwenye duka la vitambaa.

Na mwezi ukifunga chanya kidogo usiuamini moja kwa moja, kitambaa kinaweza kudaiwa tarehe 5 na mashule yakalipa tarehe 28, kwahiyo miezi iliyobana igawe kwa wiki.