Ripoti ya mchangiaji damu imeandikwa REACTIVE: msikimbilie kuhukumu

Mzee mmoja wa Kisauni amenijia maabara na simu mkononi, ndani yake picha ya ripoti ya mchumba wa bintiye. Kijana alichangia damu, upande wa VVU pakaandikwa REACTIVE, yaani kipimo kimeitikia, na posa tayari imesimamishwa. Alitaka nimwambie tu, "Ndiyo, anao." Nikamjibu, "Mzee wangu, karatasi hii si yako kuisoma. Na hata ingekuwa yako, haisemi hayo unayodhani." Akaondoka amenuna.

Si wa kwanza, na ndiyo maana naandika.

Kila mfuko wa damu unapimwa VVU, homa ya ini aina ya B na ya C, na kaswende. Kipimo hicho kimewekwa kwa ajili ya atakayetiwa damu: mama aliyevuja damu akijifungua, mtoto aliyekaushwa damu na malaria. Swali lake ni moja: mfuko huu utumike au umwagwe? Kwa kuwa kumwaga mfuko mzima ni hasara ndogo kuliko kumtia mtu damu yenye virusi, kipimo kimetegwa kiwe chepesi kushtuka. Kinashtukia hata kivuli, na tunataka kiwe hivyo.

Mashine inapima mwanga unaotoka kwenye mchanganyiko wa seramu na vitendanishi, kisha inaugawa kwa kiwango cha kikomo. Kwenye skrini namba hiyo inaitwa S/CO. Ikifika 1.00, kipimo kimeitikia. Mwenye 1.05 na mwenye 400 wote wanaandikiwa neno lilelile, na karatasi anayopewa mchangiaji mara nyingi haina namba. Hapo ndipo balaa linapoanzia.

Nieleze kwa mfano wa dada mmoja, habari zake nimezigeuza kidogo asitambulike. Alimchangia damu shangazi yake aliyefanyiwa upasuaji. Mara ya kwanza VVU ilisoma 1.38. Hatukuandika chochote bado. Tulirudisha tyubu kwenye sentrifuji, mashine inayoizungusha kwa kasi, kwa sababu seramu isiyoganda vizuri hubaki na nyuzinyuzi nyembamba ambazo hunasa kitendanishi na kuongeza mwanga wa uongo. Ukiinua tyubu mbele ya taa wakati mwingine unaziona zikielea, wakati mwingine huzioni kabisa. Kisha tukapima sampuli ileile mara mbili: 1.21 na 0.94. Kanuni ni kwamba hata moja kati ya hizo mbili ikiitikia, mfuko haupiti. Ukamwagwa.

Mfuko umehukumiwa. Dada hajahukumiwa. Aliitwa, tukamtoa damu upya na kumhakiki jina na namba kabla ya sindano. Damu mpya si ukaidi wa maabara. Kurudia sampuli ileile kunaondoa hitilafu za mashine, lakini kama lebo ilibandikwa kwenye tyubu ya mtu mwingine siku ya kuchangia, utaipima mara mia na utapata jibu sahihi la mtu asiye huyo. Kwa sababu hiyo hata mwenye namba kubwa sana, ambaye moyoni najua karibu jibu lake, naye anatolewa damu upya.

Sampuli mpya ilipimwa kwa vipimo vya aina nyingine, vilivyotengenezwa kwa namna tofauti. Kitu kilichoihadaa mashine ya kwanza si rahisi kihadae na ya pili. Vyote vikakataa. Kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa tangu 2019, mtu haambiwi ana VVU mpaka vipimo vitatu vimeitikia kwa kufuatana. Yeye alikuwa na kimoja.

Wengine watauliza mashine ya kisasa inakoseaje. Hebu tuchukulie wachangiaji 10,000, wenye VVU kweli wawe 20, kwa sababu wachangiaji wamekwisha kuhojiwa na wenye hatari kubwa wamerudishwa nyumbani. Tuchukulie pia kipimo kinawashtukia kimakosa watu 3 katika kila 1,000 wazima. Kitawanasa wale 20, na pamoja nao wazima wapatao 30. Wenye karatasi ya REACTIVE ni 50, na zaidi ya nusu hawana kitu! Ipeleke mashine hiyohiyo kwenye kliniki ambako wenye VVU ni 1,000 kati ya 10,000: wazima watakaonaswa ni 27 tu, na karibu kila aliyeitikia anao kweli. Mashine haikubadilika. Waliopangwa kwenye foleni ndio waliobadilika.

Sasa nigeukie upande wa pili, ambao kwa kweli ndio unaonikera zaidi. Kuna anayesoma mambo kama haya, anakwenda kemisti, ananunua kipimo cha kujipima, kinaonyesha hana, anachana ripoti. Jamani! Mashine yetu inatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hujitengenezea dhidi ya kirusi, pamoja na antijeni, yaani kipande cha kirusi chenyewe. Vipimo vingi vya kujipima vinatafuta kingamwili peke yake. Aliyeambukizwa karibuni huanza kuonyesha antijeni kama siku 16 baada ya maambukizi, na kingamwili kama siku ya 22. Kuna siku chache katikati ambapo mashine imemwona na kipimo cha kemisti hakijamwona. Na anayetumia dawa za kujikinga na VVU, au dawa za kufubaza virusi kwa siri, anaweza kuvichanganya vipimo vyote. Ndiyo sababu tunauliza, si umbeya.

Kwa hiyo dada hakuachiwa. Aliambiwa arudi baada ya siku 14, na kwa sasa asichangie damu na atumie kondomu. Dawa hakuanzishiwa. Maambukizi mapya hayatulii: katika siku za mwanzo virusi huongezeka maradufu takriban kila siku moja, na ndani ya wiki mbili ile 1.38 ingekuwa imepanda juu sana, na vipimo vingine vingeanza kuitikia. Alirudi. Mashine ilisoma 1.30, vingine vikakataa tena. Namba iliyokaa palepale wiki mbili si ya maambukizi mapya. Akaambiwa hana VVU.

Aliniuliza, "Sasa hiyo 1.30 ni ya nini?" Sijui. Vitabu vinataja ujauzito, chanjo ya karibuni, magonjwa ambayo mwili hujishambulia wenyewe. Yeye hakuwa na hata kimoja. Kuna watu ambao seramu yao hushikamana na kitendanishi cha kampuni moja bila sababu tunayoweza kuionyesha, na wataendelea kuitikia kila wakichangia. Sina hakika pia kama ni vyema kumpa mtu namba yake. Wapo wanaotulia wakiiona, na wapo wanaokesha wakiilinganisha na ya jirani.

Magonjwa mengine kwa ufupi. Homa ya ini B: aliyechanjwa karibuni, kama mwanafunzi wa uuguzi, anaweza kuitikia kwa sababu antijeni ya chanjo yenyewe huonekana kwenye damu kwa siku kadhaa, pengine hadi wiki mbili na zaidi. Homa ya ini C: kingamwili hubaki hata kwa aliyepona, hivyo lazima kitafutwe kirusi chenyewe. Kaswende: aliyetibiwa zamani huweza kuitikia maisha yake yote kwenye baadhi ya vipimo.

Ukiitwa, njoo na kitambulisho kilekile ulichochangia nacho, kadi ya chanjo kama unayo, na utaje kila dawa unayokunywa. Na mkweo mbakishe nyumbani.