Marinda hupangwa kabla uzi haujavutwa

"Nikivuta uzi wa marinda, mbona kitambaa kinarundikana mwishoni na katikati kunabaki bapa, hata nikihangaika kuyasogeza kwa vidole?"

Kwa sababu nguvu ya mkono haifiki kote. Wengi huamini usawa wa marinda ni ufundi wa vidole: vuta mpaka urefu utoshe, kisha sogeza-sogeza mpaka yapendeze. Kumbe vidole huja mwisho kabisa, na jicho nalo hudanganya: frili iliyojaa zaidi upande mmoja huonekana sawa mezani, kasoro ikajitokeza gauni likishavaliwa.

Angalia kaptula ya kamba. Ukivuta ncha moja tu, kiuno hujikunja karibu na tundu, mgongoni kukabaki kama kulivyokuwa. Uzi nao ni hivyo hivyo. Kila unapopenya kitambaa husuguana nacho, na nguvu hupungua mshono hadi mshono. Mikunjo ya karibu ikijaa huubana uzi zaidi, ya mbali isipate kitu. Ukilazimisha, uzi unakatika. Dawa ni kuufupishia uzi safari.

Tuchukue gauni la mtoto lenye mzunguko wa chini wa sentimeta 110. Vipande viwili vya kitenge vya sentimeta 115, vikiungwa duara na kila ncha ikaliwa sentimeta 1, vinabaki 226, yaani kama mara mbili ya gauni. (Mara mbili ni mazoea tu: kitambaa kizito hutosheka na moja na nusu, shifoni hula hata tatu.) Gawa frili robo nne, tia alama, na gauni vivyo hivyo. Alama zikishapigwa pini pamoja, sentimeta 56.5 za frili hazina pa kwenda ila kwenye 27.5 za gauni. Ziada haihami tena.

Kabla ya pini, piga mistari miwili ya mishono mirefu, milimita 4 hadi 5, tensheni ya juu ikiwa imelegezwa: mmoja sentimeta 0.6 kutoka ukingoni mwa frili, mwingine 1.3. Usirudishe mshono nyuma, na katisha kila kwenye maungio, maana unene wa pale hukwamisha uzi. Sasa vuta nyuzi mbili za bobini pamoja, kutoka kila ncha kuelekea katikati ya kipande, ili kila upande usafiri robo tu. Kwa nini miwili? Kwenye mstari mmoja mikunjo huzunguka juu ya uzi na kulala ovyo. Miwili huisimamisha wima.

Rejesha urefu wa kawaida wa mshono na tensheni, ushone kwenye sentimeta 1, katikati ya mistari, frili ikiwa juu ili uione. Mstari wa 1.3 utabaki nje, ufumue. Satini huweza kubaki na vitundu, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande chakavu. Halafu geuza upande wa nje. Ukiona mkunjo ulionaswa umelala, fumua sentimeta chache za pale tu, unyooshe kwa ncha ya sindano, urudie.