Maana ya "saa 48 tangu mara ya mwisho" kwenye tangazo la jikoni

Tangazo lenyewe ni fupi. Limebandikwa juu ya sinki la mkahawa mdogo hapa Mombasa, ndani ya mfuko wa plastiki mvuke usije ukalila:

"Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kushika chakula na kila utokapo chooni. Glavu ni ya kazi moja: ukibadilisha kazi ivue, nawa, vaa nyingine. Ukiharisha au ukitapika, usije, piga simu. Rudi saa 48 tangu mara ya mwisho."

Sehemu ya mikono na ya glavu hakuna asiyeielewa, hata kama wengine huipuuza. Maneno ya mwisho ndiyo yanayozua ubishi. Mara ya mwisho ya nini? Ni mara ya mwisho kuharisha au kutapika. Si mara ya kwanza, si siku uliyomeza vidonge, na wala si siku uliyojihisi una nguvu za kusimama.

Tumchukue mpishi wa kutengeneza kachumbari na chatini ya viazi karai. Tumbo limeanza kumwendesha Jumatatu saa tano usiku. Jumanne nzima yuko chooni. Safari ya mwisho ni saa kumi alfajiri ya Jumatano. Yeye huhesabu kuanzia Jumatatu, akaona saa 48 zinatimia Jumatano usiku, basi Alhamisi asubuhi yuko kazini. Amekosea. Hesabu inaanza Jumatano alfajiri, kwa hiyo inakamilika Ijumaa saa kumi alfajiri, na zamu yake ya saa kumi na mbili asubuhi ya Ijumaa anaweza kuifanya. Lakini Alhamisi saa sita mchana tumbo likimwendesha tena, hata mara moja tu, saa zote zilizopita zinafutika. Anaanza upya, na kurudi kwake ni Jumamosi baada ya saa sita mchana.

Hapa kwetu pana mtego mwingine. Mzee wa Mji wa Kale akikwambia "usiku wa Jumatano", huenda anasema usiku unaokuja kabla ya mchana wa Jumatano, kwani kwake siku mpya huingia na magharibi. Kijana aliyelelewa kwa saa za shule anaelewa usiku unaofuata mchana huo. Tofauti ni siku nzima. Kwa hiyo anayepokea simu na aandike tarehe na saa kwenye daftari, na kama ni usiku aandike "kuamkia Jumatano".

Kwa nini kungoja na mtu amekwisha pona? Kwa sababu kupona kwa tumbo na kuisha kwa vijidudu ni mambo mawili. Kirusi kiitwacho norovirusi, mmoja wa wachokozi wakubwa wa kutapika na kuharisha, hutoka kwa wingi sana kwenye choo cha mgonjwa, na huendelea kutoka hata baada ya dalili kwisha. Na chembe chache mno, zisizoonekana kwa jicho, zinatosha kumlaza mtu mwingine. Saa 48 ni kipindi cha kuacha ule wingi wa mwanzo upungue. Vidonge vya kufunga tumbo havisaidii hesabu hii: vinazuia choo, haviui kirusi. Aliyevimeza na ahesabu kwa uangalifu zaidi, maana hajui kama tumbo limetulia lenyewe au limefungwa.

Kachumbari nimeichagua makusudi. Bhajia ikishikwa na mkono mchafu kabla ya kutumbukia kwenye mafuta, moto unasaidia. Kachumbari hairudi motoni. Vitunguu, nyanya, ndimu, chumvi, kisha sahani. Ndimu haitoshi kuua kirusi hicho.

"Si ninawe tu vizuri, nivae glavu, nifanye kazi?" Hilo ndilo swali la kila mpishi asiyetaka kukosa siku. Kunawa hupunguza vijidudu, hakumalizi vyote, na mtu anayeharisha anavipata upya kila aingiapo chooni. Tena angalia tunavyonawa. Mgeni nyumbani humwagiwa maji kwa birika, uchafu ukaangukia chini kwenye bakuli. Jikoni, mtu huyo huyo anachovya mikono kwenye beseni ambalo wenzake wanne wamekwisha chovya. Maji ya mfereji yakikatika, ndoo yenye bomba dogo ni birika letu, na inatosha. Sugua kwa sekunde 20, usisahau vidole gumba na chini ya kucha, kisha kausha kwa karatasi, si kwa aproni. Penye maji ya kisima yenye chumvi, sabuni ya mche haitoi povu, basi weka ya maji. Na sanitaiza haina nguvu ya kutegemewa mbele ya norovirusi, kwa hiyo haisimami mahali pa sabuni.

Glavu nayo ni ngozi ya pili, inachafuka kama ya kwanza, ila mvaaji haihisi. Nimemwona mtu akipokea noti, akabonyeza simu kuhakikisha malipo ya M-Pesa, akarudi kukatakata kitunguu na glavu ile ile, huku akijiona msafi kuliko aliye mikono mitupu. Kwa joto letu mkono hutoka jasho ndani yake, na ikitoboka jasho hilo linapata njia. Faida yake ya kweli ni kufunika kidonda cha kidole kilichokwisha fungwa plasta, na kushika chakula kisichorudi motoni. Ugonjwa wa tumbo haiufuniki.

Yapo maradhi ambayo saa 48 hazitoshi. Choo chenye damu, macho kugeuka manjano, homa ya matumbo au kipindupindu: huyo harudi kwa hesabu ya daftari, anarudi kwa ruhusa ya daktari. Mbebaji wa homa ya matumbo anaweza kuonekana mzima kabisa. Wala usitoe cheti cha afya cha wapishi kama utetezi. Kile kinasema juu ya kipimo cha siku ile, hakisemi lolote kuhusu tumbo la leo.

Mwenye mkahawa naye ana lake. Mpishi anayejua kwamba siku asiyokuja halipwi atakuja, atanyamaza, na daftari litabaki jeupe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili katika kila miezi kumi na miwili, kisha saba nyingine kwa nusu, akileta cheti cha daktari. Mimi naona asidaiwe cheti kwa siku mbili za kuharisha. Nauli na foleni ya zahanati zitamfanya afiche.

Ijumaa mpishi wetu akirudi, asirudishwe moja kwa moja kwenye kachumbari. Kirusi kinaweza kuendelea kutoka kidogo kidogo kwa wiki mbili au zaidi. Abadilishane na mwenzake: yeye asimame kwenye karai akaange viazi, mwenzake akate vitunguu. Na sinki la kunawia liwe karibu na mlango wa choo, si ng'ambo ya jiko ambako atapita akishika vitasa viwili kabla hajalifikia.